Kwa nini sehemu nzima ya pafu haifidii oksijeni ya sehemu iliyokosa hewa

*Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa pili, tunasoma fiziolojia ya upumuaji na nimekwama kwenye uwiano wa V/Q. Kama sehemu moja ya pafu inapata hewa kidogo na nyingine inapata hewa nyingi, kwa nini zisifidiane? Tunaambiwa kabonidioksidi inaweza kurudi kawaida lakini oksijeni inabaki chini. Halafu tunaambiwa mgonjwa ambaye damu yake inapita pasipo na hewa kabisa, hata umpe oksijeni asilimia 100, haisaidii. Na nafasi mfu inaingia wapi hapo?*

Marahaba. Jibu lako lote limekaa ndani ya umbo la mkunjo wa hemoglobini. Damu zinazotoka sehemu mbalimbali za pafu zinapokutana, kinachochanganyika ni kiasi cha oksijeni kilichobebwa, na shinikizo la oksijeni hujipanga baadaye kufuatana na kiasi hicho. Wanafunzi wengi hukwama kwa sababu wanachukua wastani wa shinikizo. Ukiacha tabia hiyo, mengine yatafuata yenyewe.

Tuanze na vipimo vya kawaida ili tuzungumze lugha moja. Kwa dakika moja, hewa inayofika kwenye vifuko vya hewa ni kama lita 4.2, na damu inayopita kwenye mapafu ni kama lita 5. Gawanya, unapata uwiano wa V/Q wa 0.84 kwa mapafu yote. Lakini huo ni wastani, na kila kifuko kina uwiano wake. Hata kwa mtu mzima wa afya aliyesimama wima, sehemu ya juu ya pafu ina uwiano wa karibu 3 na sehemu ya chini karibu 0.6, kwa sababu uvutano huvuta damu kwenda chini kuliko unavyoathiri hewa.

Hewa tunayovuta, ikishapata unyevu kwenye njia ya hewa, huwa na PO2 ya mmHg 150 na haina kabonidioksidi ya kuhesabika. Damu ya vena inayoingia kwenye mapafu ina PO2 ya 40 na PCO2 ya 45. Kila kifuko kinakaa mahali fulani kati ya ncha hizi mbili. Kifuko kinachopata hewa na damu kwa kipimo kinachofaa kinakuwa na PO2 ya 100 na PCO2 ya 40. Zuia hewa isiingie kabisa, damu ikiendelea kupita: uwiano unakuwa sifuri, na damu inatoka na 40 na 45 zake, kama ilivyoingia. Huo ndio mchepuko. Zuia damu, hewa ikiendelea kuingia na kutoka: kifuko kinabaki na PO2 ya 150 na PCO2 ya sifuri, na hewa hiyo imepotea bure. Hiyo ndiyo nafasi mfu. Katikati ya ncha hizo kuna vifuko vyenye uwiano mdogo, vinavyopata hewa haba lakini si sifuri, na vyenye uwiano mkubwa. Wagonjwa wengi wa pumu, na wa magonjwa sugu ya njia za hewa, wana mchanganyiko wa hivi vya katikati.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Chukua mapafu yenye sehemu mbili, A na B, kila moja ikipitisha nusu ya damu. Hemoglobini ni gramu 15 kwa kila mL 100 za damu, na kila gramu ikijaa hubeba mL 1.34 za oksijeni, kwa hiyo uwezo wote ni mL 20.1. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu ni ndogo, 0.003 tu kwa kila mmHg moja.

Sehemu A njia zake za hewa zimebana. PO2 ya vifuko vyake imeshuka hadi 50, na kwa shinikizo hilo hemoglobini inajaa kama asilimia 85. Damu yake inabeba mL 17.1 kwenye hemoglobini na 0.15 iliyoyeyuka, jumla karibu mL 17.2. Sehemu B inapata hewa ya ziada. PO2 yake imepanda hadi 120, hemoglobini imejaa asilimia 98, na damu yake inabeba karibu mL 20.1. Damu mbili hizi zikikutana kwenye moyo wa kushoto, kila mL 100 zitakuwa na wastani wa 17.2 na 20.1, yaani karibu mL 18.65. Ondoa kidogo kilichoyeyuka, gawanya kwa 20.1, unapata ujazo wa kama asilimia 92. Rudi kwenye mkunjo utafute ni shinikizo gani linaendana na asilimia 92. Utakuta kama mmHg 63.

Yule aliyechukua wastani wa 50 na 120 alipata 85, akasema mgonjwa hajambo. Tofauti ya 85 na 63 ndiyo tofauti ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na kumlaza.

Angalia kwa nini imetokea hivyo. Damu ya kawaida, yenye PO2 ya 100, hubeba mL 19.9. Sehemu A imepungukiwa mL 2.7 kutoka hapo. Sehemu B, pamoja na hewa yake yote ya ziada, imeongeza mL 0.2 tu. Mkunjo wa hemoglobini ukishapita PO2 ya 80 hivi unalala karibu tambarare. Ndoo imeshajaa, na kinachozidi kinamwagika. Lakini chini ya 60 mkunjo ni mteremko mkali, na kila mmHg inayopotea inaondoka na oksijeni ya maana. Kwa hiyo hasara ya A iko kwenye mteremko, na faida ya B iko kwenye tambarare. Hata ukimwambia mgonjwa apumue maradufu, hewa nyingi ya nyongeza itakwenda B, ambako njia ziko wazi, na B haina nafasi ya kuipokea.

Kwa kabonidioksidi mambo ni tofauti kabisa. Mkunjo wake, kwenye eneo tunaloishi, ni karibu mstari ulionyooka, na hauna dari karibu. Kifuko kikipata hewa nyingi zaidi, kinatoa kabonidioksidi nyingi zaidi kwa kadiri ileile. Kwenye mfano wetu, A ina PCO2 ya kama 44 na B ya kama 34. Hapa wastani wa shinikizo unaruhusiwa, kwa sababu ya huo unyoofu: unapata 39, ambayo ni kawaida. Na ikianza kupanda, vipokezi kwenye shina la ubongo huhisi mara moja na kumfanya mtu apumue zaidi mpaka irudi. Ndiyo maana mgonjwa wa pumu mwanzoni mwa shambulio mara nyingi anakuja na PaO2 ya chini na PaCO2 ya kawaida au hata chini ya kawaida. Ukiona PaCO2 yake ya chini imerudi 40 na bado anahangaika, usifurahi. Huenda amechoka na hawezi tena kupumua kwa kasi ya kufidia.

Nadhani hapo swali lako la kwanza limepata jibu. Tuje kwenye mchepuko na oksijeni asilimia 100.

Tuseme ute mzito umeziba kabisa njia ya hewa inayokwenda kwenye sehemu fulani ya pafu, au vifuko vyake vimejaa majimaji ya nimonia, na asilimia 30 ya damu yote inapita humo bila kukutana na hewa. Asilimia 70 iliyobaki inapita kwenye sehemu za pafu zenye afya. Mwili unatumia karibu mL 5 za oksijeni kutoka kila mL 100 za damu, kwa hiyo damu ya vena ina mL 5 pungufu ya damu ya ateri. Wengi husahau jambo hili: ateri ikishuka, vena nayo inashuka, na ile damu inayochepuka inakuwa duni zaidi kuliko mwanzo. Ukiiweka kwenye fomula ya mchepuko,

```
Qs/Qt = (Cc − Ca) / (Cc − Cv)
```

ambapo Cc ni kiasi cha oksijeni mwishoni mwa kapilari za sehemu hizo zenye afya, Ca ni cha ateri na Cv ni cha vena, utakuta kwamba kwa mchepuko wa asilimia 30 damu ya ateri inakuwa na mL 2.14 pungufu ya Cc. (Jaribu mwenyewe: weka Cv = Ca − 5, na Qs/Qt = 0.3.)

Akiwa anavuta hewa ya kawaida, Cc ni 19.9. Ca inakuwa karibu 17.8, ujazo kama asilimia 87, PaO2 kama 54. Sasa mpe oksijeni asilimia 100. PO2 ya vifuko vizima inaruka hadi 760 − 47 − 40, yaani mmHg 673. Inatisha kwa ukubwa, lakini hemoglobini ilikwisha jaa tangu zamani. Alichopata ni asilimia mbili na nusu zilizokuwa zimebaki, pamoja na oksijeni iliyoyeyuka, mL 2.0 badala ya 0.3. Cc mpya ni 22.1. Toa 2.14, Ca inakuwa karibu 20, ujazo karibu asilimia 98, PaO2 kidogo juu ya 100.

Kwa hiyo msemo wa darasani kwamba oksijeni haisaidii kabisa unahitaji kurekebishwa. Imesaidia: ujazo umetoka 87 hadi 98, na mgonjwa huyu atashukuru. Kinachoonyesha mchepuko ni kwamba vifuko vina 673 na ateri ina 100 na kitu. Bila mchepuko angekuwa na zaidi ya 600. Pengo hilo kubwa, akiwa anavuta oksijeni tupu, halielezwi na kitu kingine isipokuwa damu iliyopita pasipo na hewa.

Ongeza mchepuko uone. Ukifika nusu ya damu yote, upungufu unakuwa mL 5 kamili. Kwa hewa ya kawaida Ca ni 14.9, ujazo asilimia 74. Kwa oksijeni asilimia 100 ni 17.1, ujazo kama asilimia 84, PaO2 kama 50. Hapa sasa msemo wa darasani unakaribia kuwa kweli, na tiba inahamia kwenye kuvifungua vifuko vilivyoziba au kujaa, kwa mfano kwa kunyonya ute au kwa mashine inayobakiza shinikizo kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi.

Linganisha na mgonjwa wetu wa kwanza, mwenye sehemu A iliyobanwa lakini haijaziba. Akivuta oksijeni asilimia 100, nitrojeni ndani ya A inafuliwa polepole, pumzi hadi pumzi. Inachukua dakika kadhaa kwa sababu hewa inaingia kwa shida, lakini mwisho A nayo inabaki na oksijeni, kabonidioksidi na mvuke wa maji tu. PO2 yake inapita 600, na ateri inapanda sana. Hii ndiyo njia ya kuwatenganisha wawili hawa kitandani, hasa kama unapima baada ya kusubiri vya kutosha. Ukipima dakika ya pili, unaweza kumwita mwenye uwiano mdogo kuwa ana mchepuko.

Jaribio hili lina dosari yake. Kifuko kinachopata hewa kidogo sana, kikijazwa oksijeni tupu, kinaweza kupoteza gesi yake yote kwa damu kabla pumzi nyingine haijaingia, maana nitrojeni iliyokuwa ikikitegemeza haipo tena. Kinasinyaa. Kilikuwa na uwiano mdogo, sasa ni mchepuko wa kweli, na kipimo chenyewe ndicho kilichousababisha.

Sasa nafasi mfu. Hapa napenda mfano wa damu iliyoganda mguuni, ikasafiri na kuziba ateri ya pafu, kwa sababu unafunua kitu ambacho vitabu vingi hupita juu yake.

Mtu anavuta mL 500 mara 12 kwa dakika. Katika kila pumzi, mL 150 zinabaki kwenye koo na mirija ya hewa, nafasi mfu ya maumbile. mL 350 zinafika kwenye vifuko. Mara 12, hizo ni lita 4.2 za mwanzo. Bonge la damu likaziba mishipa inayohudumia nusu ya vifuko. Hewa haijui, nusu ya mL 350 inaendelea kwenda kule kusiko na damu. Nafasi mfu yake yote sasa ni 150 na 175, yaani mL 325 kati ya 500. Hewa inayofanya kazi imebaki mL 175 kwa pumzi, lita 2.1 kwa dakika. Kwa kuwa kabonidioksidi inazalishwa ileile, na hewa ya kuiondoa imepungua nusu, PaCO2 ingepanda kutoka 40 hadi karibu 80 kama asingebadilisha upumuaji wake.

Lakini atabadilisha. Ili kurudisha lita 4.2 kwa mL 175 anahitaji pumzi 24 kwa dakika. Kwa hiyo unamkuta anapumua mbio, na PaCO2 ni 40 au chini yake. Ukiangalia PaCO2 peke yake hutaona nafasi mfu. Ukiweka kifaa cha kupima kabonidioksidi kwenye hewa anayoitoa, utaiona: mwisho wa kila pumzi nusu ya hewa inatoka kwenye vifuko vyenye PCO2 ya 40 na nusu inatoka kwenye vifuko vyenye karibu sifuri, kwa hiyo kifaa kinasoma karibu 20 wakati ateri ina 40. Kwa mtu mzima wa afya pengo hilo ni mmHg chache tu. Fomula ya Christian Bohr ya mwaka 1891 imejengwa juu ya wazo hilohilo, na kwa vitendo leo tunaiandika hivi:

```
VD/VT = (PaCO2 − PECO2) / PaCO2
```

PECO2 ni ya hewa yote iliyotolewa, ikiwa imechanganywa. Kwa mtu wetu kabla ya ugonjwa ilikuwa 28, na jibu ni 0.3, sawa na 150 kwa 500. Baada ya bonge ni 14, na jibu ni 0.65, sawa na 325 kwa 500.

Na oksijeni? Nafasi mfu yenyewe haimwagi damu mbaya kwenye ateri, kwa sababu hakuna damu inayotoka huko. Kwa nini basi wengi wa wagonjwa hawa wana PaO2 ya chini? Fuatilia damu. Lita 5 kwa dakika bado zinapaswa kupita mahali. Nusu ya mishipa imefungwa, kwa hiyo zote zinasukumwa kwenye nusu iliyobaki. Kabla hajaanza kupumua mbio, nusu hiyo inapata hewa lita 2.1 na damu lita 5, uwiano wa 0.42, nusu ya ule wa kawaida. Sehemu iliyokuwa nzima imegeuka kuwa ya uwiano mdogo, na tayari unajua uwiano mdogo unaifanyia nini oksijeni. Akipumua mara 24 uwiano unarudi 0.84 kwenye karatasi, na oksijeni ingerudi nayo. Katika mwili halisi damu haigawanyiki sawasawa hivyo: vifuko vingine vinapata mafuriko na vingine kidogo, baadhi vinasinyaa, na moyo wa kulia ukilemewa damu ya vena inarudi ikiwa na oksijeni haba zaidi. Kwa hiyo PaO2 inabaki chini kidogo au sana, kutegemea ukubwa wa bonge. Hata hivyo wapo wenye bonge na PaO2 ya kawaida, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha gesi za damu hakitoshi kusema halipo.

Utanielewa zaidi nikikuonyesha namna ya kutofautisha haya na mtu ambaye mapafu yake ni mazima ila hapumui vya kutosha, tuseme kwa sababu ya dawa ya usingizi. Kadiria PO2 ya vifuko kwa kuchukua 150 na kutoa PaCO2 iliyogawanywa kwa 0.8. Huyu wa dawa ana PaCO2 ya 80. Vifuko vyake vina 150 − 100, yaani 50. Ukimkuta na PaO2 ya 42, pengo ni 8 tu, na mapafu hayana kosa. Mgonjwa wetu wa sehemu A na B ana PaCO2 ya karibu 40. Vifuko vilipaswa kuwa na 100, ateri ina 63, pengo ni 37. Kwa kijana mwenye afya pengo ni mmHg 5 hadi 15. Hilo la 37 linakwambia hewa na damu hazikutani inavyotakiwa, ila halikwambii kama ni uwiano mdogo au mchepuko. Kwa hilo unarudi kwenye oksijeni asilimia 100.

Mwili nao una njia yake ya kupunguza hasara. Mwaka 1946 von Euler na Liljestrand walionyesha kwa paka kwamba hewa yenye oksijeni haba hupandisha shinikizo kwenye ateri ya pafu. Kishipa kidogo kinachopeleka damu kwenye kifuko kilichokosa oksijeni hubana, na damu inaelekezwa kwenye vifuko vyenye hewa. Mishipa ya sehemu nyingine za mwili hufanya kinyume, hutanuka oksijeni ikipungua. Kwenye mfano wetu wa A na B nilifanya kila sehemu ipitishe nusu ya damu. Kwa mtu halisi A ingebana na kupitisha pungufu ya hapo, na PaO2 ingekuwa juu ya 63. Ukimpa dawa inayotanua mishipa ya pafu, A inafunguka, damu inarudi humo, na unaweza kuona PaO2 ikishuka mbele ya macho yako ingawa hewa inayoingia haijabadilika hata kidogo. Ukishaweza kueleza ushuko huo bila kufungua daftari, mada hii umeishika.